Masharti ya Gauss-Markov: lipi linapotosha kadirio, na lipi linapotosha kosa sanifu

*Shikamoo Mwalimu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mbolea na mavuno ya mahindi. Masharti ya Gauss-Markov, yale yanayoifanya regresheni ya kawaida iwe kikadirio bora, nimeyakariri yote, lakini nilipowasilisha pendekezo langu niliulizwa: lipi likivunjika kadirio linakuwa na upendeleo, lipi linaondoa ufanisi, na lipi linaharibu kosa sanifu tu? Nikakwama. Naomba unieleze kwa lugha ya kawaida.*

Marahaba, na pole kwa kukwama. Upendeleo unaletwa na sharti moja: lile linalosema kosa la modeli halina uhusiano na mbolea. Masharti mawili ya mtawanyiko, kwamba makosa yanatawanyika sawasawa na kwamba kosa la shamba moja halifuatani na la shamba jingine, hayaleti upendeleo katika data kama yako. Yakivunjika yanaweza kuondoa ufanisi, na mara nyingi yanafanya kosa sanifu lililochapwa na kompyuta lisiwe la kweli. Sharti la tatu lenye kazi ya kuharibu kosa sanifu peke yake halipo. Kilichopo ni hali fulani ambamo masharti hayohayo ya mtawanyiko yanavunjika, ufanisi unabaki mzima, na kosa sanifu tu ndilo linapotoka. Kwenye utafiti wa wakulima vijijini hali hiyo ni ya kila siku, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo wanafunzi wengi huvichanganya. Ukiendesha regresheni ya mavuno kwa mbolea, unapata mteremko: mfuko mmoja zaidi unaongeza gunia ngapi kwa ekari. Hiyo ndiyo namba yenyewe. Kitu cha pili huwezi kukiona: lau ungerudi vijijini mara elfu na kuchukua sampuli mpya kila mara, miteremko yako elfu ingetawanyika kiasi gani? Huo ni mtawanyiko halisi wa kadirio. Kitu cha tatu ni kosa sanifu, yaani taarifa ambayo kompyuta inakupa kuhusu huo mtawanyiko usiouona, nayo inaikadiria kutoka kwenye sampuli moja tu uliyonayo. Upendeleo ni tatizo la kitu cha kwanza: wastani wa miteremko elfu umekaa mbali na ukweli. Kukosa ufanisi ni tatizo la cha pili: mtawanyiko ni mkubwa kuliko ambavyo ungeweza kuwa kwa data ileile. Kosa sanifu baya ni tatizo la cha tatu: mtawanyiko uko vile ulivyo, lakini umepewa taarifa isiyo sahihi.

Tuanze na upendeleo, kwa mfano mdogo unaoweza kuukokotoa kwenye karatasi. Namba nimezibuni mwenyewe ili tuujue ukweli kabla ya kukadiria. Kuna mashamba manne. Mawili yako kwenye ardhi iliyochoka, moja halikuwekwa mbolea na jingine liliwekwa mfuko 1. Mawili yako kwenye ardhi nzuri, moja liliwekwa mifuko 2 na jingine 3. Ukweli ni kwamba ardhi iliyochoka bila mbolea inatoa gunia 5 kwa ekari, kila mfuko unaongeza gunia 2, na ardhi nzuri inaongeza gunia 4. Mavuno basi ni 5, 7, 13 na 15.

Sasa wewe hukupima ardhi. Unayo mbolea na mavuno tu. Wastani wa mbolea ni 1.5 na wa mavuno ni 10. Toa wastani kila upande, zidisha, jumlisha: unapata 18. Jumla ya miraba ya mbolea ni 5. Mteremko ni 18 kugawanya kwa 5, yaani 3.6. Ukweli ni 2. Gunia 1.6 zilizozidi hazikutokana na bahati mbaya ya sampuli. Zimetoka kwenye ardhi: ubora wa ardhi unaongeza gunia 4, na katika data hii kila mfuko wa mbolea unakwenda pamoja na 0.4 ya ardhi nzuri, na 4 mara 0.4 ni 1.6. Ardhi ambayo hukuipima imeingia kwenye kosa la modeli, na kwa kuwa wenye ardhi nzuri ndio walioweka mbolea nyingi, kosa limefungamana na mbolea. Sharti limevunjika. Ukiongeza mashamba yafike elfu kumi ya aina hiyohiyo, utapata 3.6 kwa uhakika mkubwa zaidi. Wingi wa sampuli hauponyi upendeleo wa namna hii.

Hapa nataka uangalie jambo moja kwa karibu, kwa sababu nimeliona kwenye tasnifu nyingi. Mwanafunzi anakokotoa mabaki, yaani tofauti kati ya mavuno halisi na yaliyotabiriwa, kisha anapima uhusiano wa mabaki na mbolea, anakuta sifuri, anaandika kwamba sharti limetimia. Kwenye mfano wetu mstari uliokadiriwa ni 4.6 jumlisha 3.6 mara mbolea. Mabaki ni 0.4, −1.2, 1.2 na −0.4. Zidisha kila moja kwa mbolea yake: 0, −1.2, 2.4, −1.2. Jumla ni sifuri kamili, ingawa mteremko umekosea kwa gunia 1.6. Ndivyo hesabu ilivyotengenezwa: miraba midogo, yaani njia ya regresheni ya kawaida, inauchagua ule mstari ambao mabaki yake hayahusiani na mbolea, hata kama makosa ya kweli yanahusiana nayo. Na usitulizwe na namba ya uwiano wa maelezo, ile inayochapwa kama R-squared, kwa kuwa hapa ni 0.95.

Kwa hiyo sharti hili halina kipimo ndani ya regresheni yenyewe. Linapimwa kwa kujua habari za shamba. Nani aliamua mbolea iwekwe wapi? Kama mkulima aliamua mwenyewe, aliamua kwa kuangalia nini ambacho hukukiandika? Uliza hivyo kabla ya kufungua kompyuta. Dawa nazo zinatoka nje ya regresheni: upime ubora wa ardhi uuweke ndani ya modeli, au upate hali ambayo mbolea iligawiwa kwa bahati nasibu, au umfuatilie mkulima yuleyule kwa miaka kadhaa ili ardhi yake ijifute.

Kuna njia nyingine mbili za kulivunja sharti hilihili ambazo vitabu huziorodhesha kama masharti tofauti. Ya kwanza ni umbo la modeli. Mbolea hupunguza nguvu kadiri unavyoongeza, mfuko wa tano hauzai kama wa kwanza. Ukilazimisha mstari ulionyooka juu ya mpindo, ule mpindo ulioachwa unaangukia kwenye kosa, na unategemea mbolea. Ya pili ni kukumbuka vibaya. Mkulima anaulizwa mwezi wa nane aliweka mbolea kiasi gani mwezi wa kwanza. Kama mbolea halisi ina variansi ya 4 kati ya mashamba, na makosa ya kumbukumbu yasiyoegemea upande wowote yana variansi ya 1, mteremko unazidishwa kwa 4 kugawanya kwa 5: gunia 2 za kweli zinasomeka 1.6. Makosa ya kumbukumbu ya namna hiyohiyo kwenye mavuno hayaleti upendeleo, yanaongeza tu kelele. Ila chunga ukubwa wa shamba. Ukigawanya mavuno na mbolea vyote kwa ekari alizotaja mkulima, na ekari hizo si sahihi, kosa moja limeingia pande zote mbili za mlinganyo, na upendeleo umerudi kwa mlango wa nyuma.

Sharti la vigeu kutofungamana kikamilifu nalipita haraka. Likivunjika hakuna kadirio la kuzungumzia: ukiweka kilo za mbolea na mifuko ya kilo 50 kwenye modeli moja, R inaandika `NA`, Stata inaandika `(omitted)`. Vigeu vikifungamana sana bila kufungamana kikamilifu, hakuna sharti lililovunjika hata moja. Kosa sanifu litakuwa kubwa, na litakuwa sahihi kwa ukubwa wake. Linakuambia data haitoshi kutenganisha vitu viwili vinavyotembea pamoja. Usiandike kwamba hilo ni uvunjaji wa Gauss-Markov.

Tuje kwenye mtawanyiko, na tuanze na ufanisi. Chukua mizani mbili, unapima gunia lilelile. Mizani ya kwanza hukosea kwa variansi ya 1, ya pili, kuukuu, kwa variansi ya 9. Zote hazina upendeleo. Ukichukua wastani wa kawaida wa vipimo viwili, variansi yake ni 10 kugawanya kwa 4, yaani 2.5. Tazama: ni mbaya kuliko kutumia mizani nzuri peke yake. Ukipa kila kipimo uzito kwa kinyume cha variansi yake, 0.9 kwa mizani nzuri na 0.1 kwa kuukuu, variansi inashuka hadi 0.9. Wastani wa kawaida ni regresheni isiyo na kigeu chochote, nao umebaki bila upendeleo, ila umepoteza ufanisi kwa kuwa umewasikiliza mashahidi wawili sawasawa wakati mmoja anajua zaidi. Huko ndiko kukosa ufanisi: kuna kikadirio kingine, cha mstari vilevile na kisicho na upendeleo vilevile, kinachotawanyika kidogo zaidi. Nadharia ya Gauss-Markov inasema mtawanyiko ukiwa sawa na makosa yasipofuatana, kikadirio kama hicho hakipo.

Na angalia kwamba sijataja popote makosa kufuata mkunjo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele. Gauss aliutegemea katika kazi yake ya 1809, lakini katika kazi yake ya miaka ya 1820 aliuacha na kuthibitisha matokeo haya bila huo. Mkunjo huo unahitajika ili jedwali la t liwe sahihi kabisa kwenye sampuli ndogo. Ukikutana na tasnifu inayosema mabaki yasiyo na umbo la kengele yanaleta upendeleo, hapo pana kosa.

Sasa kosa sanifu. Fikiria mashamba 100. Mashamba 90 hayakuwekwa mbolea na 10 yaliwekwa. Kigeu chako ni 0 au 1, kwa hiyo mteremko ni tofauti ya wastani wa makundi mawili. Tuseme mashamba yasiyo na mbolea yanatawanyika kwa mkengeuko sanifu wa gunia 1, na yenye mbolea kwa gunia 3, kwa sababu mbolea inategemea mvua: ikinyesha vizuri mavuno yanapanda sana, isiponyesha pesa imepotea. Variansi halisi ya tofauti ya wastani ni 9 kugawanya kwa 10, jumlisha 1 kugawanya kwa 90, yaani 0.911. Mzizi wake ni 0.95. Hilo ndilo kosa sanifu la kweli.

Kompyuta, kwa fomula ya kawaida, inaamini mtawanyiko ni mmoja. Inachanganya makundi yote mawili, na kwa kuwa kundi lililotulia lina mashamba 90, linatawala. Variansi ya pamoja inakuja takriban 1.73, ikizidishwa kwa jumla ya 1 kwa 10 na 1 kwa 90 unapata 0.193, mzizi wake 0.44. Kweli ni 0.95, taarifa ni 0.44. Kama mteremko wako ni gunia 1.2, kompyuta inakupa t, yaani mteremko kugawanya kwa kosa sanifu, ya 2.7 na nyota pembeni. t ya kweli ni 1.3. Na kama mbolea haina athari yoyote, kipimo unachodhani kinakosea mara 5 katika 100 kitakuwa kinakosea zaidi ya mara 30 katika 100.

Usichukue kutoka hapa kwamba kosa sanifu hupungua siku zote. Geuza: kundi kubwa ndilo lenye mkengeuko wa 3 na lile dogo lina 1. Kosa sanifu la kweli ni 0.45 na kompyuta inasema 0.96. Sasa inakunyima matokeo uliyonayo. Ukigawa mashamba 50 kwa 50, fomula ya kawaida na ukweli vinakutana vyote 0.45, ingawa mkengeuko wa kundi moja ni mara tatu ya wa jingine. Kwa hiyo swali si kama mtawanyiko ni sawa au la. Swali ni kama mtawanyiko mkubwa umekaa kwenye mashamba yenye uzito mkubwa katika mteremko, yale ambayo mbolea yake iko mbali na wastani.

Je, katika mfano huu ufanisi umepotea? Jaribu kuyapa mashamba uzito kama tulivyofanya kwa mizani. Mashamba yote yenye mbolea yana variansi ileile, kwa hiyo ndani ya kundi lao hakuna wa kupewa uzito zaidi. Wasio na mbolea vilevile. Wastani wa kila kundi unabaki uleule, na tofauti yao ileile. Regresheni yenye uzito na isiyo na uzito zinatoa namba moja. Sharti la mtawanyiko sawa limevunjika waziwazi, kadirio halina upendeleo, hakuna kikadirio cha mstari kinacholishinda, na kilichoharibika ni kosa sanifu peke yake. Hili ndilo jibu la sehemu ya tatu ya swali uliloulizwa.

Kama huniamini, endesha hii mwenyewe, inachukua sekunde chache:

```r
x <- rep(c(0, 1), c(90, 10))
b <- replicate(5000, {
  y <- 10 + 1.2 * x + rnorm(100, sd = ifelse(x == 1, 3, 1))
  m <- lm(y ~ x)
  c(coef(m)[2], sqrt(vcov(m)[2, 2]))
})
mean(b[1, ]); sd(b[1, ]); mean(b[2, ])
```

Namba ya kwanza itakuwa karibu 1.2, nayo ni ushahidi kwamba upendeleo haupo. Ya pili, mtawanyiko halisi, karibu 0.95. Ya tatu, ambayo lm inatangaza kwa wastani, karibu 0.44. Vitu vitatu nilivyovitenganisha mwanzo vimekaa hapo kwenye mstari mmoja.

Dawa ya kosa sanifu la namna hii ni fomula inayotumia mabaki ya kila shamba badala ya variansi moja ya pamoja. Wazo hilo lilienea kwa wachumi kupitia makala ya Halbert White ya 1980. Katika R unaandika `vcovHC` kutoka kwenye kifurushi cha sandwich. Kwa makundi mawili, chagua `type = "HC2"`, kwa kuwa inatoa fomula ileile niliyoitumia kwa mkono, variansi ya kila kundi ikigawanywa kwa idadi yake. Aina ya zamani, HC0, inapunguza kidogo kundi linapokuwa dogo kama hili la mashamba 10. Na hata kwa HC2, mashamba 10 ni machache: variansi ya kundi hilo yenyewe imekadiriwa kwa namba 10 tu. Ukumbuke pia kwamba fomula hii haigusi mteremko. Kama mteremko wako ni ule wa 3.6 uliobeba ubora wa ardhi, utabaki 3.6 ukiwa na kosa sanifu lililokokotolewa vizuri.

Sharti la mwisho, makosa kutofuatana, ndilo naona litakugusa zaidi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na watafiti wengi wa vijijini, hawachagui wakulima mmoja mmoja kutoka nchi nzima. Huchagua kwanza maeneo, kisha kaya ndani ya kila eneo. Wakulima wa kijiji kimoja wanapata mvua moja, viwavi walewale, bwana shamba yuleyule. Kosa la jirani linafanana na la jirani.

Tuseme una vijiji 20, wakulima 25 kila kimoja, jumla 500, na vocha za mbolea zimetolewa kwa kijiji kizima: vijiji 10 vimepata, 10 havikupata. Mkengeuko wa makosa ni gunia 3, na makosa ya wakulima wawili wa kijiji kimoja yana uhusiano wa 0.1 tu, uhusiano mdogo ambao hutauona kwa macho kwenye mchoro. Fomula ya kawaida inakupa kosa sanifu la 0.27. Variansi ya kweli ni kubwa zaidi kwa 1 jumlisha 24 mara 0.1, yaani mara 3.4, na mzizi wake ni 1.84. Kosa sanifu la kweli ni takriban 0.49. Athari ya gunia 0.8 uliyoiona kuwa na t ya 3 ina t ya 1.6. Kwa kupima vocha, wakulima wako 500 wanafanya kazi ya wakulima 147 wasiojuana.

Na hapa tena ufanisi haujapotea. Kila kijiji kina watu 25, kila kijiji kiko ndani au nje ya vocha kizima, hakuna mkulima wala kijiji chenye habari zaidi ya mwenzake. Hakuna uzito wa kubadilisha. Unaweza kujihakikishia hivi: kokotoa wastani wa mavuno wa kila kijiji, ubaki na namba 20, uendeshe regresheni ya kawaida juu ya hizo 20. Mteremko utakuwa uleule hadi desimali ya mwisho, na kosa sanifu litakuwa limejirekebisha lenyewe. Vijiji vikiwa na ukubwa tofauti, 100 huku na 5 kule, mambo yanageuka. Hapo miraba midogo ya kawaida inakipa kijiji kikubwa uzito kuliko habari kilichonayo, kwa sababu mkulima wa mia wa kijiji kimoja anaongeza kidogo sana juu ya wale 99, na ufanisi unapotea pamoja na kosa sanifu.

Amri yenyewe ni hii:

```r
m <- lm(gunia ~ vocha, data = d)
coeftest(m, vcov = vcovCL(m, cluster = ~ kijiji), df = 19)
```

Unahitaji vifurushi vya lmtest na sandwich. Ile `df = 19` ni vijiji 20 toa 1, nayo inapandisha kizingiti cha t kutoka 1.96 hadi 2.09. Usipoiandika, R itachukua 498 kwa kuhesabu wakulima. Vijiji vikiwa vichache sana, sita au saba, fomula hii nayo hupunguza kosa sanifu, na ni salama zaidi kurudi kwenye wastani wa vijiji.

Nilisema masharti ya mtawanyiko hayaleti upendeleo katika data kama yako. Maneno hayo ya mwisho yana sababu. Kama siku moja utatumia data ya miaka mingi na kuweka mavuno ya mwaka jana upande wa kulia wa mlinganyo, makosa yanayofuatana mwaka hadi mwaka yatakuwa ndani ya mavuno ya mwaka jana na ndani ya kosa la mwaka huu kwa pamoja. Hapo kufuatana kwa makosa kumegeuka kuwa uvunjaji wa sharti la kwanza, mteremko wenyewe umeharibika, na `vcovCL` haitakusaidia.

Kwa tasnifu yako, rudi kwanza kwenye dodoso uangalie mbolea iliamuliwa na nani. Kama ni vocha ya kijiji, tafuta vijiji vilichaguliwaje. Vikiwa vilichaguliwa kwa sababu ya mvua nzuri au barabara, una tatizo la ile 3.6, na ndilo la kushughulikia kabla ya jingine lolote. Kama vilichaguliwa kwa bahati nasibu, andika idadi ya vijiji kwenye kila jedwali, pembeni ya idadi ya wakulima, na uweke kosa sanifu la kijiji chini ya kila mteremko. Wakikuuliza tena sharti lipi limevunjika, waonyeshe namba ya vijiji.